Kwa nini TIPS zilishuka 2022 wakati bei zilikuwa zinapanda?

"Wakuu, hizi TIPS, yaani hati fungani za serikali ya Marekani, si zinafidia mfumuko wa bei? Mbona 2022 watu walipata hasara?"

Mkuu, fidia ililipwa, ila bei ya hati zenyewe sokoni ilishuka kuliko fidia yenyewe.

Chukua hati ya dola 1,000 yenye riba ya asilimia 1. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, mtaji unasogezwa hadi dola 1,050. Asilimia ya riba haiguswi, lakini inapigwa juu ya mtaji mpya, kwa hiyo unapata dola 10.50 badala ya 10. Jumla ni 1,060.50. Gawanya kwa 1.05 uondoe mfumuko, inabaki 1,010. Faida halisi ni ile ile asilimia 1. (Kiuhalisia riba hulipwa kila miezi sita, na faharisi ya bei inayotumika ni ya miezi mitatu nyuma.)

Hesabu hiyo inashika ukinunua kwa dola 1,000 na kusubiri hati iive. Mwanzoni mwa 2022 hati za miaka 10 zilinunuliwa ghali mno, kiasi kwamba faida halisi ilikuwa chini ya sifuri. Kufikia mwisho wa mwaka soko lilidai zaidi ya asilimia 1, na hati za zamani zikalazimika kushuka bei. Aliyeuza wakati huo alibeba hasara yote.

Kwa hiyo kabla ya kununua, usitazame mfumuko. Tazama faida halisi ya siku hiyo, kwa sababu ndiyo unayojifungia.