Mwezi mmoja Paje, Zanzibar, na kazi ya mbali: maswali na majibu

"Mwenye nyumba kule Paje amenitumia picha ya kipimo cha intaneti: megabiti 60. Kila siku nina mkutano wa video na Berlin. Nilipe?" (Nakuru)

Usilipe bado. Hizo 60 huenda ni za kupakua tu, na hakuna ajuaye kama zilipimwa alfajiri wakati wageni wote wamelala. Mkutano wa video wa picha safi unahitaji megabiti tatu au nne kwenda na kurudi, basi. Kinachoukata mara nyingi ni kasi ndogo ya kupakia, au pakiti zinazopotea njiani. Mwombe apime tena saa 2 usiku, picha ionyeshe na upande wa kupakia. Kisha lala hapo siku mbili kwa bei ya kawaida, na upime mwenyewe:

```
ping -c 100 192.168.1.1
ping -c 100 1.1.1.1
```

Kwenye Windows andika `-n` badala ya `-c`. Amri ya kwanza inaiita ruta ya nyumba (kama anwani yake ni tofauti, utaiona kwenye mipangilio ya waifai), ya pili inatoka nje kabisa. Mwishoni soma asilimia iliyoandikwa `loss`. Tuseme ruta imepoteza 0 na nje imepotea 5: tatizo ni laini ya mtandao, na wewe huna la kufanya ila kutafuta nyumba nyingine. Ikiwa hata ruta inapoteza 5, tatizo ni waifai yenyewe, labda kuta nene kati yako na ruta. Sogea karibu nayo upime upya. Tazama pia muda wa kila jibu. Ukiruka kutoka milisekunde 160 hadi 900 na kurudi, sauti yako itakatika hata kama hakuna kinachopotea.

Kati ya nyumba yenye 60 za kupakua, 2 za kupakia na upotevu wa asilimia 4, na nyingine yenye 12, 8 na sifuri, mimi nachukua ya pili bila kufikiri.

"Nina laini za kampuni mbili tofauti. Si nimeshajikinga?" (Mwanza)

Mnara mmoja ukizimika au bando likiisha, ndiyo, mradi umezijaribu zote mbili ndani ya chumba chenyewe, si barabarani. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na mitandao ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo laini ya pili haikuokoi. Zima kamera ubaki na sauti, ambayo inakula sehemu ndogo mno ya kasi, na uwe na mafaili ya wiki kwenye kompyuta tayari.

Mimi naogopa zaidi umeme. Ukikatika, ruta inazima ingawa waya wa intaneti ni mzima. Betri ndogo ya ruta ya volti 12 inamaliza tatizo hilo kwa saa kadhaa. Na ukiambiwa "jenereta ipo," uliza inawasha nini: soketi za chumbani na ruta, au pampu ya maji na taa za nje tu?

"Bosi yuko New York. Nilipie meza ya mwezi kwenye ofisi ya pamoja?" (Dar es Salaam)

Uliza kwanza wanafunga saa ngapi. Saa 3 asubuhi hadi 11 jioni za New York ni saa 10 jioni hadi 6 usiku kwetu wakati wa kiangazi chao. Majira ya baridi ni saa 11 jioni hadi 7 usiku. Ofisi ikifunga jioni, umelipia kiti cha kunywea kahawa. Pesa hiyo iweke kwenye chumba chenye meza halisi.

Ukisafiri Machi, angalia kalenda. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi, Uingereza Jumapili ya mwisho, sisi hatusogezi kamwe. Kikao cha New York cha saa 4 asubuhi yao, ulichozoea saa 12 jioni, kinahamia saa 11 jioni, na hapo kinagongana na kile cha London cha saa 8 mchana yao. Kila kikao kiandike kwa saa za mji wa aliyekiitisha. Kalenda itajipanga yenyewe.

"Mwenye nyumba anataka kodi yote mapema." (Kampala)

Mpe ya wiki ya kwanza, iliyobaki baada ya vipimo. Mwandikie kwenye WhatsApp kwamba intaneti ikikosekana siku mbili mfululizo unarudishiwa za siku zilizobaki. Muulize nani ananunua umeme, maana kiyoyozi cha usiku kucha kinaweza kula punguzo lote la mwezi. Wakati wa masika bei hushuka, jadili bila haya.

Na omba picha ya kiti. Vitanda vyote wanavipiga picha, kiti hakuna anayekikumbuka.