Takwimu zenye shaka: nimwandikieje mwandishi?

"Nasahihisha ripoti ya alizeti ya Kongwa, namba hazikubaliani. Nimwandikieje daktari aliyeiandika bila kumkwaza?"

Mwenzetu mmoja kasema umpigie simu. Simu ni ya kumjulisha tu. Namba zithibitishwe kwa maandishi. Andika hivi:

"Shikamoo Daktari. Ukurasa wa 14, Jedwali la 3 lina hekta 240 na mavuno tani 2,160, yaani tani 9 kwa hekta. Aya iliyo chini yake inasema tani 0.9 kwa hekta. Naomba uangalie takwimu za awali, unithibitishie namba sahihi. Sijabadilisha chochote. Tunachapa Ijumaa, nitashukuru nikipata jibu Jumatano."

Usimwandikie "nadhani mavuno ni tani 216", yaani hekta 240 mara 0.9. Tani 9 ni nyingi mno kwa alizeti, hilo kweli, lakini kosa laweza kuwa kwenye eneo: tani 2,160 kwenye hekta 2,400 nazo zinatoa 0.9 ileile. Ukimpa jibu, mtu mwenye haraka atasema "sawa" bila kufungua daftari.

Akishajibu, pitia pia jumla ya jedwali, muhtasari na grafu. Namba hiyohiyo huwa imejificha huko.