Ukiuza kampuni tanzu, gudwili na fungu la wachache huondoka pamoja

Mwaka 2024 kampuni ninayoifanyia hesabu hapa Nakuru iliuza kiwanda chake cha vyakula vya mifugo kilichoko Kisumu. Kabla hesabu za mwaka hazijatiwa sahihi, nilikuwa nimewapa wakurugenzi majibu matatu tofauti ya swali moja: tumepata faida kiasi gani? Jibu la nne ndilo lililosimama. Naandika kwa ajili ya mhasibu mwenzangu ambaye amewahi kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu kila mwaka bila shida, lakini hajawahi kuitoa kampuni tanzu kwenye kundi. Tarakimu nimezibadilisha ili kampuni isijulikane. Mambo yenyewe yalikwenda hivyo hivyo.

Tulinunua asilimia 80 ya kiwanda mwanzoni mwa 2019 kwa shilingi milioni 96. Asilimia 20 ilibaki kwa mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi. Siku ile mali za kiwanda, ukishatoa madeni yake yote, zilikuwa na thamani ya milioni 90, na fungu la mzee, ambalo kwenye hesabu za kundi ndilo fungu la wachache, tulilipima kwa thamani ya soko, milioni 22. Kwa hiyo kiwanda kizima kilihesabiwa milioni 118, yaani 96 na 22, huku mali zake halisi zikiwa 90. Ile milioni 28 iliyozidi ndiyo gudwili: wateja, jina, na uzoefu wa watu wa pale, vitu ambavyo huwezi kuvihesabu ghalani. Mwaka 2021 biashara iliyumba tukaishusha gudwili kwa milioni 8, ikabaki 20.

Tarehe 30 Septemba 2024 tuliuza asilimia 80 yetu yote kwa milioni 140. Mali halisi za kiwanda zilikuwa zimefika milioni 130.

Jibu langu la kwanza lilikuwa milioni 44: tulinunua kwa 96, tumeuza kwa 140. Jibu hilo si kosa, ila ni la kampuni mama peke yake. Kwenye vitabu vya kampuni mama, kiwanda kilikuwa mstari mmoja tu wa uwekezaji wa milioni 96. Kwenye hesabu za kundi mstari huo haupo. Kilichopo ni magunia, mashine, wadaiwa na deni la benki, na kila faida ambayo kiwanda kimepata tangu 2019 imekwisha kuingizwa kwenye faida ya kundi mwaka baada ya mwaka. Ukiweka 44, unaitangaza faida hiyo mara ya pili.

Basi nikarekebisha. Nikachukua asilimia 80 ya mali halisi za 130, nikapata 104, nikaitoa kwenye 140. Faida milioni 36. Mkaguzi wetu, kijana mpole sana, alinipigia simu jioni. "Madam, gudwili imekwenda wapi?" Nikafungua mizania ya kundi, nikaikuta pale pale, milioni 20, imekaa kama mali yetu. Kiwanda kimeshauzwa, na wateja wake wamekwenda nacho. Gudwili haiwezi kubaki nyuma, kwa sababu haina uhai nje ya biashara iliyoizaa.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike makala hii, maana huonekana kama jibu sahihi. Niliandika hivi: tumepokea 140. Tunaondoa mali halisi zote 130 na gudwili yote 20, jumla 150. Lakini sehemu ya hizo 150 haikuwa yetu, ilikuwa ya mzee, kwa hiyo fungu lake linarudi upande wetu wa hesabu. Asilimia 20 ya 130 ni 26. Ukijumlisha 140 na 26 ukatoa 150, faida ni milioni 16.

Fikra ilikuwa sawa. Kilichoharibika ni ile 26. Niliikokotoa upya kutoka kwenye mali halisi badala ya kuichukua kwenye vitabu, na kwenye vitabu fungu la mzee lilikuwa na historia yake. Lilianza na 22 mwaka 2019. Mali halisi zilipanda kutoka 90 hadi 130, baada ya gawio kulipwa, na asilimia 20 ya ongezeko hilo la 40 ni 8. Gudwili iliposhuka kwa 8, naye alibeba asilimia 20 ya mshuko huo, yaani 1.6. Kwa hiyo 22, ongeza 8, toa 1.6: milioni 28.4. Tofauti na 26 yangu ni milioni 2.4, na hiyo ni gudwili ya mzee mwenyewe. Tulipolipima fungu lake kwa thamani ya soko, tulimpa naye sehemu ya gudwili. Ukiondoa gudwili yote kisha ukarudisha fungu lisilo na gudwili ndani yake, umejitoza hasara ambayo si yako.

Hesabu sahihi basi ni 140 kujumlisha 28.4, kutoa 130, kutoa 20. Faida ya kundi ni milioni 18.4. Kwenye Ekseli, bei ikiwa B2, fungu la wachache B3, mali halisi B4 na gudwili B5, ni mstari mmoja tu:

```
=B2+B3-B4-B5
```

Dalili ya kosa lile ilikuwa wazi, ila sikuitazama. Baada ya kuandika maingizo ya mauzo, mizania ya kundi ilibaki na milioni 2.4 kwenye mstari wa wanahisa wachache, na sisi hatukuwa na kampuni nyingine yoyote yenye wanahisa wachache. Fungu lisilo na mwenyewe. Kama kampuni uliyouza ndiyo pekee iliyokuwa na mwanahisa wa nje, mstari huo lazima ufike sufuri siku ya mauzo. Usipofika sufuri, usiendelee na kitu kingine.

Kuna njia ya pili ya kuhakikisha. Anza na 44 ya kampuni mama, kisha utoe kile ambacho kundi limekwisha kukitangaza: asilimia 80 ya ongezeko la 40, yaani 32, kutoa sehemu yetu ya mshuko wa gudwili, 6.4. Hiyo ni 25.6. Toa kwenye 44, unapata 18.4. Njia hizi mbili zisipokutana, kuna gudwili au fungu umelisahau mahali.

Wengine hulipima fungu la wachache kwa asilimia yao ya mali halisi tu, na IFRS 3 inaruhusu. Hapo fungu la mzee lingekuwa 26 kweli, lakini gudwili kwenye vitabu ingekuwa ya kwetu tu, milioni 17.6. Jaribu: 140 na 26, kutoa 130, kutoa 17.6. Ni 18.4 ile ile. Kinachoua hesabu ni kuchanganya, gudwili ya njia moja na fungu la njia nyingine. Kabla ya kukokotoa chochote, rudi kwenye faili la mwaka mlionunua uone mlichagua njia ipi.

Mzee mwenyewe tulikutana naye Kisumu siku ya kukabidhi. Alikuwa ameona rasimu ya maelezo, na neno "kuondolewa" lilikuwa limemchoma. "Mwanangu, hisa zangu sijauza. Mbona mmeandika mmeniondoa?" Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba hisa zake ziko salama kwenye daftari la wanahisa, na sasa mwenzake ni yule mnunuzi. Tulichofuta ni kwenye vitabu vyetu. Tulikuwa tumeandika mali yote ya kiwanda kana kwamba ni yetu, kisha tukaandika kando kwamba 28.4 ya humo ni yake. Mali ikishatoka, lile andiko la kando halina kazi tena. Alikubali, lakini tulibadilisha maneno kwenye maelezo, na nadhani alikuwa na haki ya kudai hivyo.

Jambo lililotugharimu muda mwingi kuliko yote ni tarehe. Mwaka wetu huisha Desemba, nasi tuliuza Septemba. Mali halisi za mwanzo wa mwaka zilikuwa 115, na kulikuwa na kishawishi cha kuzitumia kwa sababu zilikuwa zimekaguliwa. Lakini miezi tisa ya faida, milioni 15, ni yetu na ya mzee, lazima iingie kwenye hesabu za kundi hadi siku tuliyopoteza udhibiti. Ukiiingiza faida hiyo kisha ukaondoa mali za Januari, sehemu yetu ya hiyo 15, milioni 12, inahesabiwa mara mbili, na faida ya mauzo inasomeka 30.4. Kwa hiyo usiku wa tarehe 30 tulikuwa ghalani, mimi na mtunza stoo, tukihesabu magunia ya omena, mashudu ya alizeti na pumba za mahindi kwa tochi, maana taa za upande wa nyuma zilikuwa zimekufa. Tulikuta magunia ya omena yaliyoingia unyevu ambayo kitabuni yalikuwa mazima. Tuliyashusha thamani usiku ule ule, na mali halisi zikatua kwenye 130. Bila kuhesabu, hasara hiyo ingejificha ndani ya faida ya mauzo.

Yote haya yanahusu kupoteza udhibiti. Kama tungeuza sehemu tu, tuseme tukashuka kutoka 80 hadi 60, kusingekuwa na faida wala hasara ya kutangaza. Gudwili ingebaki ilivyo, fungu la wachache lingekua, na tofauti ingekwenda moja kwa moja kwenye mtaji wa wamiliki. Na kama tungepoteza udhibiti lakini tukabakiza hisa kidogo, thamani ya soko ya hisa hizo siku ile ingeongezwa kwenye 140 kama sehemu ya tulichopokea. Utaratibu wa kupoteza udhibiti uko IFRS 10, aya ya 25 na B98.

Kwenye kikao cha mwisho mwenyekiti aliuliza swali ambalo na wewe utaulizwa: kama faida ni 18.4, kwa nini kodi inakokotolewa juu ya 44? Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hailijui kundi. Inaitazama kampuni mama, iliyonunua kwa 96 ikauza kwa 140. Kabla ya kutoa ada za wakili na gharama nyingine za uhamisho, hiyo ni milioni 6.6. Kwa kundi, faida baada ya kodi ni 11.8. Aliandika 11.8 pembeni ya karatasi yake, akaipigia mstari ile 44 ya kwanza, kisha akauliza ni lini malipo ya mwisho ya mnunuzi yataingia benki.