Kumtungia Kiongozi Tukio Ambalo Hakulifanya: Kejeli na Uongo Hutenganishwa na Nini?

SWALI: Assalamu alaikum, Shehe wangu. Mimi hutengeneza video fupi za kuchekesha kuhusu wakubwa wa nchi. Karibuni nilitunga moja ya waziri aliyewaahidi watu maji yasifike: anaonekana akimwagilia maua ya ofisini kwake, huku akiwaambia waliokuja kulalamika, "Subirini mvua." Sauti yake niliiiga kwa programu, na chini ya video niliandika kuwa ni utani. Mtu akakikata kipande cha sekunde chache chenye maneno hayo tu, kikasambaa kama kauli yake ya kweli, na watu wanamlaani. Wenzangu wanasema mwanasiasa hana heshima ya kulindwa. Je, nimesema uongo? Na sasa nifanye nini?

JIBU: Waalaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema: "Ole wake anayezungumza akasema uongo ili awachekeshe watu, ole wake, ole wake." Wameipokea Abu Daudi na Tirmidhi. Maneno haya yamemlenga hasa mtu wa kazi yako, na nia ya kuchekesha haimtoi ndani yake. Lakini hadithi inakataza uongo, na uongo ni kumpa mtu habari isiyo kweli ili aishike kuwa kweli. Yako maneno yasiyolingana na tukio ambayo msemaji hakutaka yaaminiwe, na msikilizaji anajua hivyo. Qur'ani imetupa mfano wake, na mfano huo ndio nitakaoupimia video yako.

Nabii Ibrahim, amani imshukie, aliyavunja masanamu ya watu wake, akaliacha lile kubwa. Walipomuuliza nani kafanya hivi, akajibu: "Bali amefanya haya huyu mkubwa wao. Basi waulizeni, kama wanaweza kutamka." Ni katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 63. Amemtungia mkubwa wa masanamu tukio ambalo halikuwa. Tazama sasa waliosikia walifanya nini. Hakuna aliyelikamata lile sanamu kubwa kulihoji. Walijirudia nafsi zao, wakaambiana kuwa wao ndio waliodhulumu, kisha wakasema: "Wewe unajua kwamba hawa hawatamki." Hilo ndilo alilotaka walikiri kwa vinywa vyao wenyewe, na hapo ndipo akawauliza kwa nini wanaabudu kisichowafaa wala kuwadhuru.

Kauli ile ilifanya kazi kwa sababu hakuna aliyeiamini. Wangeiamini, ingekufa palepale, maana wangeondoka wakidhani kweli sanamu limeshika shoka. Hii ndiyo alama ninayokupa: mtazamaji akijua kwamba tukio ni la kubuni, je, maana yake inabaki na nguvu? Ikibaki, hiyo ni kejeli. Ikiwa kinachomgusa ni kule kudhani kwamba fulani kweli alisema, umemdanganya, hata kama wewe mwenyewe ulikuwa unacheka.

Na usiichukulie njia hii kuwa nyepesi kwa sababu Nabii aliipita. Katika hadithi ya uombezi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, watu watakapomwendea Ibrahim Siku ya Kiyama awaombee, atajizuia akizitaja kauli zake tatu, na hii imo miongoni mwake. Wanazuoni wameeleza kuwa hazikuwa uongo wa kweli bali ni maneno yenye upande wa pili. Pamoja na hayo, aliziona nzito. Nasi tunazitoa kwa siku moja kauli nyingi zaidi ya hizo, mbele ya watu tusiowajua.

Tuipime video yako. Waziri anamwagilia maua, anawaambia watu wasubiri mvua. Ndugu yangu, hilo linawezekana. Wapo viongozi waliowahi kuwajibu watu kwa kiburi cha namna hiyo, na sauti umeileta yake hasa. Jiwe kushika shoka hakuhitaji maelezo, lakini waziri mwenye majivuno anahitaji, na maelezo yako uliyaweka nje ya tukio, kwenye maandishi ya chini ambayo hayasafiri na kipande kinapokatwa.

Hapa nakumbuka hadithi ya Abu Huraira katika Sahihi Muslim. Mtume alipita kwenye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye chakula kulikoni, akajibu kuwa mvua imekinyea. Mtume akamwambia: "Kwa nini hukukiweka juu ya chakula ili watu wakione? Anayedanganya si katika mimi." Mtu yule hakutamka uongo wowote, na mvua hakuinyesha yeye. Kosa lilikuwa kwamba jambo ambalo mnunuzi alistahili kulijua lilikuwa chini, wala si juu. Hakuambiwa aongeze maneno, aliambiwa abadili mahali.

Basi neno la kwamba hili limebuniwa liweke juu. Liwe ndani ya picha yenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, katikati na si pembeni ambako hukatika kwa urahisi. Litamkwe pia kwa sauti, kwa kuwa wapo wanaosikiliza bila kutazama na wapo wasiojua kusoma. Bora kuliko hayo ni kuiweka alama ndani ya mchezo wenyewe, kama Ibrahim alivyofanya. Maua yangemjibu waziri, yakamwambia yeye nayo wanangoja mvua pamoja, ungesema jambo lilelile la ahadi isiyotimizwa, na ungeshindwa kupata sekunde tano za kumpotosha mtu. Kabla ya kuirusha, chukua kila sentensi peke yake na ujiulize: mtu akiikuta hii tu, ataamini?

Kuhusu sauti, mimi nakaza. Mwigizaji anayeigiza kwa koo lake mwenyewe, akikuza namna fulani anavyovuta maneno, kila mtu anasikia kwamba ni mwigizaji. Programu inayotoa sauti isiyotofautika na ya mwenyewe imeondoa tofauti hiyo, na sauti ya mtu ni kama ushahidi wake. Wanaomjua hata nyumbani kwake wataapa kuwa ni yeye. Kwa hiyo naona usiitumie kumsemesha mtu aliye hai maneno ambayo hakuyasema, hata ukiweka maandishi. Kejeli yako haitapoteza kitu kwa kuacha hilo, lakini mwenye nia mbaya atapoteza silaha uliyokuwa ukimtengenezea.

Sasa maneno ya wenzako, kwamba mwanasiasa hana heshima. Imamu Nawawi amezitaja hali sita ambazo kusema aibu ya mtu asiyekuwepo kunaruhusiwa, ikiwemo hali ya anayetenda uovu wazi. Lakini ameifunga kwa sharti: hutajwa kwa lile analolidhihirisha, na aibu zake nyingine hubaki haramu kutajwa ila ipatikane sababu nyingine. Tena ruhusa hiyo ni ya mambo yaliyotokea. Alipoulizwa, "Vipi ikiwa ninayoyasema anayo kweli ndugu yangu?" Mtume alijibu kuwa ukisema aliyo nayo umemsengenya, na ukisema asiyo nayo umemzulia. Ukubwa wa cheo unafungua mlango wa kwanza kidogo. Mlango wa kuzua haufungui kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo ahadi ya maji, kama ni kweli aliitoa na maji hayakufika, ni jambo lake la hadharani, na una haki ya kulikuza mpaka watu walione. Hapo ndipo kejeli ina kazi yake halali, kwa kuwa wenye kiu wana haki ya kusema. Hassan bin Thabit alipotaka kuwajibu kwa mashairi Makuraishi waliomtukana Mtume, Mtume alimuuliza atafanyaje na nasaba ya Mtume mwenyewe iliyo ndani yao. Hassan akaahidi kumchomoa kama unywele unavyochomolewa kwenye unga uliokandwa. Hata katika vita vya maneno alidaiwa usahihi kiasi hicho: mpige unayemkusudia, kwa lile unalolikusudia. Kwa waziri wako, mkewe na watoto wake hawamo, umbile lake halimo, ibada yake haimo.

Yako mambo ambayo hata alama kubwa juu ya picha haiyahalalishi. Usimtungie zinaa wala lolote linaloelekea huko. Tuhuma hiyo Qur'ani imeidai mashahidi 4, na asiyewaleta akawekewa viboko 80, katika Sura ya An-Nur. Simaanishi kwamba kila mchekeshaji anaingia kwenye adhabu hiyo, ambayo ina masharti yake mbele ya kadhi. Nataka uone mizani ambayo Mwenyezi Mungu ameipimia heshima ya mtu katika jambo hili. Usimtungie kupokea rushwa ambayo hakuna aliyeithibitisha. Wala usimtungie amri ambayo watu wataifuata au kuilipizia kisasi: kuwatukana watu wa kabila au dini fulani, kutangaza siku ya kura imebadilika, kukataza dawa. Hapo anayeamini kwa dakika moja tu anaweza kudhuru au kudhurika kabla hajasoma maandishi yako.

Sasa swali lako lenyewe. Ulipoirusha video nzima kwa nia ya utani na ukasema ni utani, sikuhesabu kuwa umekusudia uongo. Ulizembea kwa kuweka alama mahali pasipofaa na kwa kuiga sauti. Aliyekata kipande akijua ndiye mwenye dhambi ya kuzua, na walioeneza bila kuuliza wana fungu lao, kwa kuwa Mtume amesema inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachokisikia. Lakini tangu siku ulipojua kwamba watu wameamini, kunyamaza kwako si kutojua tena. Wewe peke yako ndiye mwenye video kamili, na neno lako ndilo litakaloaminiwa.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 160, waliotubia baada ya kuificha haki wamesamehewa kwa mambo matatu: wametubia, wametengeneza na wamebainisha. Kutubia moyoni hakutoshi mahali ambapo kuna watu waliopotoshwa. Iondoe video ile. Toa nyingine fupi, kwa uso wako na sauti yako, useme: maneno haya niliyatunga mimi, waziri hakuyasema, sauti iliigwa, na kipande kilikatwa kwenye kichekesho. Usiichanganye na mzaha wala na hoja kuhusu maji, na usikirudie kile kipande ndani yake, kisije kikakatwa tena. Ipeleke palepale kilipoenea, na waombe waliokuwa na wafuasi wengi katika kukieneza waiweke nao. Iache ikae, usiifute baada ya siku chache.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kumwendea uliyemsengenya bila yeye kujua, kwa kuwa huenda kumwambia kukamwongezea maumivu. Kwako hitilafu hiyo haipo, maana habari imeshamfikia yeye na watu wake. Mwandikie ofisini kwake, umweleze ulichofanya na ulivyokirekebisha, umwombe akusamehe. Ukishayafanya hayo, ahadi ya maji bado iko palepale. Unaweza kuirudia wiki ijayo kwa kichekesho kingine, na maua yakaongea.

Wallahu a'lam.