Kichwa cha video kinaposomwa ndani ya kundi

Msomaji mmoja ametuandikia: video yake imesambazwa kwenye makundi kadhaa ya WhatsApp, lakini walioifungua hawafiki hata kumi. Kichwa chake YouTube ni hiki: "Karibuni Tena Kwenye Chaneli Yetu | Sehemu ya 7 | Jinsi ya Kuzuia Bomba Linalovuja". Hebu hesabu. Neno "Jinsi" linaanza kwenye herufi ya 51.

YouTube inaruhusu herufi 100, ila kadi inayojitokeza pamoja na linki haina nafasi hiyo. Mara nyingi hubeba mstari mmoja au miwili, kutegemea simu na ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenyewe, kisha zinafuata nukta tatu. Sisi huzichukulia herufi 40 za mwanzo kuwa ndizo salama. Za msomaji wetu zimeishia kwenye salamu na kipande cha neno "Sehemu", na bomba halijatajwa.

Kumbuka pia mtu yuko wapi anapoisoma. Hakutafuta video. Alikuwa akifuatilia mazungumzo, linki ikatumwa na mtu ambaye huenda hakuandika neno hata moja, au kaandika tu "oneni hii". Picha ya jalada nayo inaweza kuwa imebanwa hadi ukubwa wa stempu, maneno yaliyo juu yake hayasomeki. Kichwa ndicho kinachobaki kusema, kwa hiyo kianze na shida yenyewe, kwa maneno ya mwenye shida:

"Bomba likidondosha maji hata ukilifunga: badilisha mpira"

Herufi 39 za kwanza zinataja tatizo lote. Hata zile nukta tatu zikimeza "badilisha mpira", mwenye bomba bovu amejitambua. Namba ya sehemu iandike mwishoni, au ihamie kwenye maelezo. Wala usiandike "Hutaamini kilichotokea": kwenye kundi, maneno hayo yanafanana na linki za matapeli, na watu wanaziruka.

Hili ndilo linalowaumiza wengi: kwenye WhatsApp, kadi hutengenezwa na simu ya mtumaji kabla ujumbe haujaondoka. Ukirekebisha kichwa kesho, kadi zilizokwisha kutumwa zitabaki na kichwa cha zamani. Na anayebonyeza kutuma kabla kadi haijajitokeza, mara nyingi hutuma linki tupu.

Basi jaribu mapema. Pandisha video ikiwa "Unlisted", si "Private", kwa sababu video ya faragha haitoi kichwa chake kwenye kadi. Jitumie linki, subiri picha itokee, kisha mwombe mtu asiyeijua video asome kadi tu na akwambie inahusu nini. Akikosea, badilisha maneno ya mwanzo, kisha jitumie tena. Telegram ikiendelea kuonyesha kichwa cha zamani, itumie linki boti yao @WebpageBot ili kadi isomwe upya. Ukiridhika, igeuze iwe "Public". Linki ni ileile.