Kitone ndani ya kifuko

Nafanya kazi kwenye chumba cha CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, mkoani Mbeya. Ndugu za wagonjwa wa kifafa huniuliza swali moja: "Wadudu wapo au hawapo?" Wanamaanisha mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Nawashauri waulize pia kama wadudu hao wako hai, wanakufa, au walishakufa.

Mkulima mmoja wa miaka 34 aliletwa baada ya mkono wake wa kulia kutetemeka, kisha akaanguka na kupoteza fahamu. Mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, kulikuwa na kifuko cha mviringo chenye upana wa milimita 10. Kilijaa maji yanayoonekana meusi pichani, na kwenye ukuta wake kulikuwa na kitone cheupe. Kitone hicho ni kichwa cha buu la tegu wa nguruwe, na nikikiona sibahatishi tena. Pembeni yake ubongo ulikuwa umetulia, kwa sababu buu lililo hai hujificha lisitambuliwe na kinga ya mwili.

Nyuma yake kidogo, karibu na sehemu inayoendesha mkono wa kulia, niliona weusi uliotambaa kama vidole. Huo ni uvimbe. Tulipomchoma dawa ya kung'arisha picha, katikati ya uvimbe ikajitokeza pete. Buu hilo lilikuwa linakufa na kinga ilikuwa imeligundua, nalo ndilo lililomwangusha. Pete kama hiyo ikiwa peke yake, bila kitone popote, ningefikiria pia kifua kikuu cha ubongo.

Palikuwa pia na madoa mawili madogo, meupe kama mfupa: mabuu yaliyokufa zamani yakageuka chokaa. CT huyaonyesha vizuri kuliko MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku.

Kaka yake alikuwa ameshanunua albendazo, dawa ya minyoo, dukani. Nilimsihi asimpe. Dawa hiyo ikiua mabuu, uvimbe huongezeka, kwa hiyo daktari hutanguliza dawa za kutuliza uvimbe na kuagiza macho yapimwe, maana buu likifia ndani ya jicho laweza kuliharibu. Mwenye uvimbe mkubwa wa ubongo wote hapewi kabisa. Kwa chokaa, albendazo haina kazi.

Alitibiwa wodini. Miezi sita baadaye kifuko hakikuwepo, na ile pete ilikuwa imebaki doa la chokaa. Akadhani amepona, akaacha dawa za kifafa mwenyewe. Mkono ukaanza tena.

CT mpya haikuonyesha buu jipya lolote. MRI iliyopigwa siku ya tatu ndiyo iliyoonyesha uvimbe kuzunguka lile lile doa. Ubongo unaozunguka chokaa huweza kuvimba hivyo mara kwa mara, na uvimbe hupotea baada ya wiki chache. Tulitambua kuwa ni doa lile lile kwa sababu mkewe alikuwa ametunza picha za kwanza kwenye bahasha yake. Nanyi zitunzeni, mje nazo.