Banda tupu haliui utitiri, na kuogesha kuku hakusaidii kama hujui wadudu wanalala wapi

> Habari wadau. Kuku wangu wa mayai wana utitiri, mayai yamepungua na upanga wa kichwani umepauka. Muuza dawa kanishauri niwaogeshe dawa, niwahamishie kwingine, banda likae tupu mwezi mmoja ili wadudu wafe njaa, kisha niingize mitetea wapya. Nataka kuanza kesho. Jogoo naye ana magamba yaliyoinuka miguuni, nimpake mafuta ya taa?

Mkuu, usianze kesho. Hao mitetea wapya wasikanyage humo ndani mpaka usome mpaka mwisho.

Ushauri huo wa mwezi mmoja na mimi niliuziwa, tena na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta akiongea kwa uhakika kama daktari, na dawa ya kuogeshea mkononi. Nikaogesha, nikahamisha, nikafunga banda. Baada ya mwezi na ushee nikaingiza mitetea waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kutaga. Utitiri walikuwa humo humo wanawasubiri, na wana njaa. Mitetea walipauka vichwa, wakaacha kutaga, na wa kwanza kufa walikuwa wale walioatamia, kwa sababu kuku anayeatamia hatoki kiotani usiku na damu yake inanyonywa bila kupumzika. Vifaranga wa mmoja wao niliwakuta wamekufa chini ya mama yao, na kiota chote kinatembea. Nilirudi dukani kuuliza, nikaambiwa niongeze kipimo cha dawa. Mtu huyo hakuwahi kuniuliza swali moja: hao wadudu unawaona saa ngapi, na unawaona wapi?

Hilo ndilo swali linaloamua kila kitu. Utitiri mwekundu haishi juu ya kuku. Mchana amejificha kwenye nyufa za mbao, chini ya fito za kulalia, pale fito inapokutana na ukuta, kwenye viungo vya viota na chini ya maranda makavu. Usiku anatoka, anapanda kwa kuku, ananyonya kwa nusu saa hadi saa moja hivi, anarudi kwenye ufa wake na kutaga humo. Kwa hiyo ukimwogesha kuku saa tano asubuhi unamwogesha kuku ambaye karibu hana mdudu mwilini. Dawa inakauka, siku mbili tatu unaona nafuu, halafu kundi lote linatoka tena ukutani.

Na njaa? Utitiri mwekundu mzima anaweza kukaa miezi bila kula. Kwenye mazingira ya ubaridi na unyevu, muda huo unafika miezi minane. Joto kali na ukavu humwua mapema zaidi, lakini usimtegemee mwezi mmoja hata kidogo. Palipo na joto na kuku wa kunyonya, yai linaanguliwa ndani ya siku mbili au tatu, na mdudu anaweza kukua mpaka kutaga mwenyewe ndani ya wiki moja hivi. Ndiyo maana banda linaonekana safi Jumatatu, na wiki mbili baadaye limejaa.

Sasa fanya hivi kabla hujanunua chochote. Usiku, kuku wakishalala kwa saa mbili hivi, ingia na tochi na karatasi nyeupe au kitambaa cheupe. Futa kwa nguvu upande wa chini wa fito, hasa kwenye ncha zake. Kitambaa kikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku wako ndani ya utitiri waliopondeka. Mchana wake, inua ncha ya fito uangalie pale ilipolala. Utaona unga wa kijivu, kama majivu yaliyochanganywa na pilipili manga: ni maganda, mayai na kinyesi chao, na ukiukoroga kwa kijiti utaanza kutembea. Dalili nyingine ni kuku kugoma kuingia bandani jioni au kulala chini badala ya kupanda fito. Wewe mwenyewe ukitoka humo unawashwa.

Kisha shika kuku wawili watatu mchana, na usiache jogoo. Fungua manyoya kuzunguka tundu la haja. Ukikuta manyoya meusi machafu, gamba la vidonda, na wadudu wadogo weusi wanakimbilia mkono wako mchana kweupe, huyo ni mdudu mwingine kabisa, utitiri wa manyoyani, ambaye anaishi na kutaga juu ya kuku maisha yake yote. Huyo ndiye anayetibiwa kwa kumpaka kuku dawa. Muuza dawa wako anauza dawa ya huyu kwa kila mtu anayetaja neno utitiri, na hapo ndipo watu wanapomaliza mabanda yao.

Upanga uliopauka pamoja na mayai kupungua vinanifanya nishuku mwekundu, lakini usiniamini mimi, amini kitambaa.

Ukikuta ni mwekundu, kazi ni ya banda. Toa kuku asubuhi. Toa maranda na matandiko yote ya viota, yachome moto au yafukie mbali. Ng'oa fito na viota, usivisafishe vikiwa vimepigiliwa, kwa sababu penye msumari na kiungo ndipo wanapojaa. Kwangua, osha kwa maji ya moto na sabuni, na pale unapoweza kuingiza mvuke au maji ya moto ndani ya ufa, ingiza, maana joto linalopita nyuzi 45 linawaua likiwafikia. Acha pakauke kabisa. Ndipo upulize dawa iliyoidhinishwa kwa mabanda ya kuku, mara nyingi ni ya pemethrini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Usilenge katikati ya ukuta kwa sababu panaonekana. Lenga nyufa, ncha za fito, nyuma ya viota na makutano ya paa mpaka palowe. Kuku warudi dawa ikishakauka tu.

Halafu rudia baada ya siku 5 hadi 7. Hapa sitaki mjadala. Dawa nyingi haziui mayai, na mayai yaliyobaki ndani ya ufa yanaanguliwa nyuma yako. Mzunguko wa pili unawakuta hao vijana kabla hawajaanza kutaga. Fanya na wa tatu, wiki moja baadaye. Anayepuliza mara moja akaacha amewabakishia wale walionusurika, na hao ndio huzaa kizazi kinachoizoea dawa.

Jinsi ya kujua kama wamekwisha kuizoea: lowesha kipande cha kadibodi kwa dawa ile ile kwa kipimo kile kile, kiache kikauke, kitie kwenye chupa pamoja na utitiri uliowakwangua, funga. Kama kesho yake wengi bado wanatembea, usiongeze kipimo. Badilisha aina ya dawa, siyo jina la kopo. Angalia kiambato kilichoandikwa kwa maandishi madogo, kwa sababu makopo matatu yenye picha tofauti yanaweza kuwa na pemethrini yote.

Kuna dawa nyingine ya kunywesha, fluralaneri. Imeruhusiwa Umoja wa Ulaya tangu 2017 na inamwua mdudu anaponyonya damu. Kipimo ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa kuku, mara mbili, siku 7 katikati. Chukua kundi la kuku 100 wenye kilo 2 kila mmoja: ni kilo 200, kwa hiyo miligramu 100 kila mzunguko. Ikiwa dawa ina miligramu 10 kwa mililita, hiyo ni mililita 10 ndani ya maji ambayo kundi zima litayamaliza siku hiyo. Kuku mgonjwa asiyekunywa hapati kitu, kwa hiyo hesabu maji kwa makini na umshirikishe daktari wa mifugo. Hata ukiitumia, nyufa zisafishe.

Na ukipewa chupa isiyo na maandishi, au "ya mitishamba tu" inayoua kila kitu kwa dakika, irudishe. Mwaka 2017 mabanda ya Uholanzi na Ubelgiji yalipulizwa dawa ya utitiri iliyonadiwa kuwa ya mimea, kumbe ndani imetiwa fipronili, sumu isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula. Ikaonekana kwenye mayai, na mamilioni ya mayai yakaondolewa sokoni. Wafugaji wengi hawakujua wamepuliza nini. Nakasirika kila nikikumbuka, kwa sababu maneno yaliyowauzia wao ndiyo yale yale niliyouziwa mimi.

Baada ya kusafisha, zuia wasirudi. Fito ziwe za kutoka kwa mkono, hazina magome, na nyufa zake zizibwe. Zisiguse ukuta. Mimi fito zangu zinakaa juu ya miguu iliyosimama ndani ya vikopo vyenye mafuta, na njia ya kupanda ni hiyo peke yake. Chini ya fito funga kipande cha kadibodi yenye mifereji. Wanaingia humo kulala. Kitoe baada ya siku mbili, kitie kwenye mfuko, kichome moto, na uhesabu kwa macho kama wanapungua. Unga wa silika au wa diatomia unafaa kwenye nyufa kavu, lakini vaa barakoa na usimwage penye unyevu, ukilowa haufanyi kitu. Vizimba na trei za mayai za kuazima ndizo huwaleta tena, na ndege wa porini wanaotaga chini ya paa.

Ukikuta ni yule wa manyoyani, paka kuku wote kuzunguka tundu la haja, jogoo wakiwemo, na urudie baada ya siku 5 hadi 7 vile vile. Ukimwacha kuku mmoja umewaacha wote. Soma kwenye kopo muda wa kusubiri kabla ya kula mayai.

Jogoo wako ana utitiri wa aina ya tatu, anayechimba chini ya magamba ya mguu. Mafuta ya taa usimpake, yanaunguza ngozi. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki laini bila kubandua gamba kwa nguvu, kausha, kisha paka vaselini nzito ifunike mpaka juu ya goti, ili mdudu akose hewa. Rudia kila wiki, na waliolala karibu naye wafanyie hivyo hivyo. Miguu itachukua miezi kuonekana mizuri, maana magamba ya zamani hayadondoki mpaka mapya yaote chini yake. Akianza kuchechemea au vidole kupinda, mpeleke kwa daktari, kuna ivamektini lakini ina masharti yake kwa mayai.

Leo usiku ingia na kitambaa. Andika hapa kimetoka na rangi gani, na umefuta wapi.